Tundu lipi litarusha maji mbali zaidi?

Haya ni maneno niliyowaambia walimu wa fizikia, wanafunzi wao wa kidato cha tano na cha sita, pamoja na mafundi bomba waliokuja kutusikiliza. Nayaweka yote hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Picha za ukutani nimeziacha. Pipa na kamba nimevieleza kwa maneno.

Ndugu walimu, vijana wangu, mafundi wetu, habari za asubuhi.

Tazameni pipa hili. Ni pipa la kawaida la chuma, lile la lita 200 ambalo kila mmoja wenu ameliona mahali fulani likiwa na mafuta au maji. Limesimama sakafuni, moja kwa moja, bila tofali chini yake. Maji ndani yake yana kimo cha sentimita 80, na mpira ule unaoingia juu unamwaga maji muda wote ili uso usishuke tutakapofungua. Ubavuni tumetoboa matundu matatu kwa drili, kila moja lina kipenyo cha sentimita moja. La juu liko sentimita 20 chini ya uso wa maji. La kati liko sentimita 40. La chini liko sentimita 60. Mtaona kwamba hatukuyapanga kwenye mstari mmoja wima, tumeyasogeza pembeni kidogo kila moja. Sababu mtaiona punde: michirizi yake inapishana njiani, na kama ingekuwa kwenye mstari mmoja ingegongana.

Sasa nawauliza, na nataka mnyooshe mikono. Nikivuta vizibo vyote vitatu kwa pamoja, maji ya tundu lipi yatafika mbali zaidi?

Naona mikono mingi sana kwa tundu la chini. Karibu ukumbi mzima. Na walimu pia! Wala siwashangai. Sote tulichorewa ubaoni kopo lenye matundu matatu, mchirizi wa juu ukianguka karibu na kopo, wa kati ukienda mbali kidogo, wa chini ukienda mbali kuliko yote. Mwalimu akasema: mnaona, kadiri unavyoshuka chini ndivyo kanieneo ya maji inavyozidi. Tukaandika kwenye daftari, tukajibu mtihani, tukapata alama.

Vijana, vuteni vizibo.

Tazameni sakafuni. Mchirizi wa tundu la kati umeanguka sentimita 78 kutoka kwenye pipa. Wa tundu la chini umeanguka kwenye sentimita 67 au 68. Na wa tundu la juu, ambao hakuna hata mkono mmoja uliounyooshewa, umeanguka wapi? Umeanguka palepale ulipoanguka wa chini! Mmoja umetoka juu polepole, mwingine umetoka chini kwa nguvu, na imetua mahali pamoja.

Je, kanieneo imetudanganya? Hapana. Maji ya tundu la chini kweli yanatoka kwa kasi kubwa kuliko yote. Wekeni kidole mbele ya kila tundu mtaisikia tofauti. Kasi ni jambo moja, na mahali pa kuangukia ni jambo jingine. Asubuhi hii nataka tuyatenganishe mambo haya mawili, tukiyashika moja moja.

Tuanze na kasi.

Mwaka 1641, kijana wa Kiitaliano aliyeitwa Evangelista Torricelli alikwenda kukaa na Galileo katika kijiji cha Arcetri, juu ya mji wa Florence. Galileo alikuwa mzee na kipofu. Walikaa pamoja miezi michache tu, maana Januari ya mwaka 1642 Galileo alifariki, na Torricelli akachukua nafasi yake kama mwanahisabati wa mtawala wa Toscana. Mwaka 1644 alichapisha kitabu chake cha jiometri, na ndani yake mna sehemu inayohusu mwendo wa vitu vizito. Humo akaandika juu ya maji yanayotoka tunduni.

Hoja yake ni nzuri kwa sababu haihitaji hesabu kubwa. Alisema: chukua chombo chenye maji, weka tundu linaloelekea juu badala ya ubavuni. Maji yatapanda. Yatapanda hadi wapi? Yatapanda karibu kabisa na usawa wa uso wa maji ndani ya chombo. Hayafiki pale hasa, kwa sababu hewa inayazuia na matone yanayorudi yanayaangukia yale yanayopanda. Lakini yanakaribia. Na Galileo alikwishaonyesha kwamba kitu kinachorushwa juu kikafika kimo fulani, kilianza na kasi ileile ambayo kingekuwa nayo kama kingeangushwa kutoka kimo hicho. Basi jibu limepatikana. Maji yanatoka tunduni kwa kasi ileile ambayo tone la maji lingekuwa nayo kama lingeanguka bila kizuizi kutoka usoni mwa maji hadi kwenye tundu.

Rudieni nami: kutoka usoni hadi kwenye tundu. Hicho ndicho kipimo chote. Upana wa tanki haumo. Uzito wa maji yote haumo. Ukubwa wa tundu haumo. Hata aina ya kimiminika haimo: mafuta ya taa na maji, vikiwa na kina kimoja, vinatoka kwa kasi moja, kama vile jiwe dogo na jiwe kubwa yanavyofika chini pamoja.

Leo tunaiandika hivi, ingawa Torricelli mwenyewe aliieleza kwa uwiano:

v = √(2gh)

Hapo h ni kina cha tundu kutoka usoni mwa maji hadi katikati ya tundu, na g ni mchapuko wa mvutano wa dunia, 9.81, vipimo vyote vikiwa kwa mita na sekunde. Kwa tundu letu la juu, kina cha sentimita 20, kasi ni mita 1.98 kwa sekunde. Kwa la kati, mita 2.80. Kwa la chini, mita 3.43. Angalieni kipeuo cha pili kilivyofanya kazi yake. Kutoka la juu hadi la chini kina kimekuwa mara tatu, lakini kasi haijafika hata mara mbili.

Mafundi, jambo hili ni lenu hasa. Mzee mmoja ninayemfahamu alikuwa na tanki la lita 1,000 juu ya mnara wake wa matofali. Maji ya bomba la uani yalitoka kinyonge. Akashauriwa anunue tanki la lita 5,000, kwamba lina "nguvu" zaidi kwa sababu lina maji mengi. Akauza ng'ombe, akanunua. Tanki jipya lilikuwa pana kuliko la zamani, na kimo chake kilizidi kidogo tu. Maji ya uani yalitoka vilevile. Je, tanki lilikuwa na kasoro? Halikuwa na kasoro yoyote. Sasa ana maji ya siku nyingi zaidi, lakini kasi hainunuliwi kwa lita. Kasi inatoka kwenye kimo, na kwa bei ghali: ukitaka maji yatoke kwa kasi mara mbili, unahitaji kimo mara nne. Tena kwake kulikuwa na bomba refu na jembamba kutoka kwenye tanki hadi uani, na bomba la namna hiyo linakula kimo kwa msuguano. Kanuni ya Torricelli ni ya tundu lililo kwenye ukuta wa tanki. Ukiweka mita 30 za bomba la nusu inchi, hesabu inabadilika, na fundi anayemwahidi mteja kwa kanuni hii peke yake atamdanganya bila kukusudia.

Sasa umbali.

Maji yakishatoka ubavuni, yanaelekea mlalo. Tangu hapo yanafanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Yanakwenda mbele kwa kasi yaliyotoka nayo, na yanaanguka chini kama kitu kingine chochote. Muda wa kwenda mbele unakwisha yanapogusa sakafu. Kwa hiyo umbali ni kasi mara muda wa kuanguka.

Tundu la chini limepewa kasi kubwa, lakini liko sentimita 20 tu kutoka sakafuni. Maji yake yanaanguka kwa sekunde 0.20 na safari imekwisha. Tundu la juu limepewa kasi ndogo, lakini liko sentimita 60 juu ya sakafu, kwa hiyo maji yake yana sekunde 0.35 za kusafiri. Zidisheni: 3.43 mara 0.20, na 1.98 mara 0.35. Yote mawili yanakupa karibu sentimita 69. Tundu la kati halina kasi kubwa kuliko yote, wala halina muda mrefu kuliko yote. Lina vya kutosha vya pande zote mbili, na linafika sentimita 80.

Mkiunganisha kanuni mbili, kasi na muda, g inajifuta yenyewe na kinabaki kitu kifupi sana:

x = 2√(h·y)

h ni kina cha tundu chini ya uso wa maji, na y ni kimo cha tundu juu ya mahali maji yanapoangukia. Ukibadilishana h na y, jibu ni lilelile. Ndiyo maana tundu lenye kina cha 20 na kimo cha 60 linalingana na tundu lenye kina cha 60 na kimo cha 20. Na kwa kuwa jumla yake ni 80 daima, zao lao ni kubwa zaidi vinapolingana, 40 kwa 40. Tundu lililo katikati kabisa linarusha maji umbali sawa na kimo chote cha maji.

Mwanafunzi makini ataniuliza: mbona mmepima 78 na siyo 80, na 67 badala ya 69? Swali zuri. Maji yanapoteza kasi kidogo yakipita ukingoni mwa tundu. Kwa tundu safi lenye ukingo mkali, kasi halisi ni kama asilimia 97 au 98 ya ile ya kanuni, na umbali unapungua kwa kiasi hichohicho. Ukipata pungufu kubwa kuliko hapo, kagua tundu lako. Tundu lililopigwa kwa msumari linaacha meno ya bati yaliyojikunja, na maji yanatoka yamevurugika. Chupa ya plastiki ukuta wake unajipinda pale ulipotoboa, mchirizi unaelekea chini kidogo tangu mwanzo, na umbali wote unaharibika. Tundu la sindano ni dogo mno: maji yanajishika na ukuta na kutiririka. Toboeni kwa drili, milimita tano hadi kumi, kwenye ukuta ulio wima.

Sasa naomba ile kamba.

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na nitakaa kidogo. Kijana mmoja ashike ncha moja ubavuni mwa pipa, kwenye usawa wa uso wa maji. Mwingine aivute hadi sakafuni, sentimita 80 mbele ya pipa. Kamba imeinama kwa nyuzi 45 sawasawa, kwa sababu imeshuka 80 na imekwenda mbele 80.

Njooni karibu, walio nyuma simameni. Mnaona nini? Mchirizi wa tundu la juu unaisogelea kamba na kuigusa, kisha unaondoka. Unaigusa wapi? Pimeni: sentimita 40 mbele ya pipa, yaani mara mbili ya kina cha tundu lake. Hauivuki. Mchirizi wa tundu la kati unaigusa kamba wapi? Mara mbili ya 40 ni 80. Unaigusa mwishoni kabisa, pale kamba inapokutana na sakafu. Hata huo hauivuki. Toboeni matundu mia kwenye pipa hili, hakuna hata moja litakalorusha maji nje ya kamba hii, na kila moja lina mahali pake pa kuigusa, umbali wa mara mbili ya kina chake.

Na mchirizi wa tundu la chini? Ulipaswa kuigusa kamba sentimita 120 mbele na sentimita 120 chini ya uso wa maji. Lakini sentimita 80 chini ya uso wa maji kuna nini? Kuna saruji! Mchirizi huu umekatizwa na sakafu kabla haujafika kwenye kamba yake. Kasi unayo. Haukupewa nafasi ya kuitumia.

Je, sasa mnaona tatizo la kopo la ubaoni liko wapi?

Vijana, fungeni vizibo. Mafundi, naomba mnisaidie kuliinua pipa juu ya ile meza ya chuma. Ni kazi nzito, kwa hiyo tumetoa maji kwanza, tutayajaza tena. Meza ina kimo cha sentimita 80, sawa na kimo cha maji yetu.

Haya. Pipa lipo juu, maji yamejaa hadi alama ileile, mpira unamwaga. Matundu hatukuyagusa. Vuteni.

Sasa tundu la juu limefika kama mita moja na sentimita tatu. La kati limefika mita 1.35. Na la chini, lile lililotuangusha mwanzoni, limefika mita 1.51. La chini ndilo linaloongoza! Picha ya ubaoni imekuwa kweli mbele ya macho yetu, kwa pipa lilelile na matundu yaleyale. Kilichobadilika ni sakafu tu.

Vutieni kamba tena, nyuzi 45 kutoka usoni mwa maji. Sasa inagusa sakafu mita 1.60 mbele. Tundu litakalofika pale ni lenye kina cha nusu ya 160, yaani 80, na hilo ni tundu lililo chini kabisa ya pipa. Kwa hiyo kanuni ya meza ni hii: ukiliinua tanki kwa kimo kinacholingana na kimo cha maji yake au zaidi, tundu la chini kabisa ndilo litakalorusha mbali kuliko yote. Ukiliinua kidogo kuliko hapo, tundu bora liko mahali fulani kati ya katikati na chini. Ukiliacha sakafuni, ni katikati.

Mchoro wa ubaoni haukuonyesha meza. Wakati mwingine ulichora hata sakafu, imegusa kitako cha kopo, na bado ukaupeleka mchirizi wa chini mbali. Mchoro huo ni wa zamani. Hata Leonardo da Vinci, karne na zaidi kabla ya Torricelli, alichora michirizi ya namna hiyo, ule wa chini ukienda mbali zaidi. Walimu wenzangu, ukitaka kumwonyesha mtoto kwamba kanieneo inaongezeka na kina, weka kopo kwenye ukingo wa meza na beseni sakafuni. Ukiliweka kopo ndani ya trei, mtoto mwenye macho mazuri ataona kitu tofauti na ulichosema. Nimewaona watoto wa namna hiyo. Wanatazama maji, wanamtazama mwalimu, kisha wanaandika alichosema mwalimu. Hilo linaniuma kuliko kosa lenyewe la mchoro.

Jambo la tatu ni ndoo.

Mtu anaweza kusema: kwa nini nihangaike na umbali? Nitakinga maji kwenye ndoo kwa dakika moja, nigawe kwa eneo la tundu, nipate kasi. Jaribu. Kwa tundu la sentimita moja lililo chini kabisa ya pipa letu, kina cha 80, kanuni inasema kasi ni mita 3.96 kwa sekunde, na ndoo ingepaswa kupata lita 18.7 kwa dakika. Ukikinga utapata lita 11 na kitu. Karibu theluthi mbili tu! Lakini mchirizi uleule, ukiupima kwa umbali, unakuambia kasi ni asilimia 97. Nani mkweli?

Isaac Newton mwenyewe alipitia hapa. Katika toleo la kwanza la kitabu chake kikuu, mwaka 1687, aliandika kwamba kasi ya maji ni ile ya kitu kilichoanguka nusu tu ya kina, yaani karibu asilimia 71 ya kasi ya Torricelli. Katika toleo la pili, mwaka 1713, alirekebisha. Alikuwa ameutazama mchirizi kwa karibu na kuupima, akakuta kwamba ukishatoka tunduni unanywea. Kipenyo cha mchirizi kwa kipenyo cha tundu kilikuwa kama 21 kwa 25.

Njooni muone. Kwenye tundu letu, shusheni macho hadi usawa wake. Nusu sentimita baada ya ukuta, mchirizi ni mwembamba kuliko tundu, tena laini kama kioo. Kwa nini? Kwa sababu maji hayaji tunduni kutoka nyuma peke yake. Yanakuja pia kutoka juu, chini na kando, yakitambaa ukutani kwa ndani. Yakifika ukingoni yana mwendo wa kuelekea katikati, na hayawezi kukata kona ghafla. Yanaendelea kubanana hata baada ya kutoka. Eneo la mchirizi linabaki kama asilimia 62 hadi 64 ya eneo la tundu. Zidisha na upungufu mdogo wa kasi, unapata 0.61 hivi. Kwa hiyo kanuni ya umbali na kanuni ya ndoo zote ni za kweli, mradi ujue kwamba ndoo inapima mchirizi ulionywea.

Sasa jambo ambalo lilinishangaza nilipolisoma mara ya kwanza, na bado linanifurahisha. Mafundi, chukueni kipande kifupi cha bomba chenye kipenyo kilekile, urefu mara mbili au tatu ya kipenyo, mkichomeke tunduni kwa nje. Mtasema bomba litaongeza msuguano na maji yatapungua. Pimeni kwa ndoo: maji yameongezeka! Kutoka 0.61 tunafika karibu 0.82, nyongeza ya theluthi nzima. Maji yanabanana ndani ya kipande hicho, kisha yanapanuka na kukijaza, na pale yalipobanana kanieneo inashuka chini ya ile ya hewa ya nje, hivyo maji ya tanki yanafyonzwa. Lakini pimeni umbali: umepungua. Mchirizi uliofika 78 sasa unafika kama 66. Maji mengi zaidi, mwendo mdogo zaidi. Basi mtu akikuuliza kama kipande cha bomba ni kizuri au kibaya, muulize kwanza anataka ndoo ijae au maji yafike mbali.

Nikimbie kidogo kwenye jambo la nne, muda wa kuisha, maana naona saa.

Fundi mmoja kijana alitaka kumwaga maji ya pipa kama hili kwa ajili ya usafi. Alifungua tundu lililo chini kabisa, akakinga ndoo ya lita 10, ikajaa chini kidogo ya dakika moja. Pipa lilikuwa na lita 204 juu ya tundu. Akagawa, akapata dakika 18, akamwambia mwenye nyumba: baada ya dakika 18 litakuwa tupu. Dakika 18 zilipopita, pipa lilikuwa na maji ya sentimita 20. Mwenye nyumba akadhani tundu limeziba. Wakachokonoa kwa waya, na halikuwa na kitu.

Tundu halikuziba, bali kina kilipungua, na kasi ikapungua nacho. Uso wa maji unashuka kwa haraka mwanzoni na kwa uvivu mwishoni. Hesabu kamili inatoa kitu rahisi kukumbuka: muda halisi ni mara mbili ya ule unaoupata kwa ndoo ya kwanza. Dakika 36 badala ya 18. Na katikati ya muda huo, dakika ya 18, kinachobaki ni robo ya kimo. Robo tatu za maji zimetoka katika nusu ya kwanza, na robo ya mwisho imekula nusu nzima ya muda. Robo hiyo ilikuwepo pale hasa ilipopaswa kuwepo. Hii ni kwa pipa lililonyooka. Tanki lililolala kama mtungi lina hesabu yake.

Onyo moja kwa mafundi. Yote haya yanadai kwamba hewa inaingia juu kwa uhuru. Funga mfuniko uwe hauvuji kabisa, na maji yanapotoka hewa iliyobaki juu inapanuka, kanieneo yake inashuka, mchirizi unafupika hadi unasimama, au unaanza kukoroma hewa ikiingia kwa kupitia tundulo. Tanki la plastiki linaweza kunyonywa ndani mbavu zikabonyea. Ukiona mchirizi wa tanki lililojaa umefupika dakika za mwanzo tu, kabla ya kushika waya wa kuchokonolea, legeza mfuniko kwanza.

Walimu, ombi langu ni moja na ni dogo. Katika mtihani ujao, msiandike tena "tundu lipi litarusha maji mbali zaidi" mkaishia hapo. Andikeni kimo cha maji, andikeni kina cha kila tundu, na andikeni tanki limesimama juu ya nini na maji yanaangukia wapi. Mfano ni huu, chukueni kalamu: maji yana kimo cha sentimita 80, tanki liko juu ya matofali ya sentimita 40, maji yanaangukia ardhini. Tundu bora lina kina gani? Kamba inashuka sentimita 120, kwa hiyo inagusa ardhi mita 1.20 mbele, na tundu linalofika pale lina kina cha sentimita 60, ambalo liko sentimita 20 juu ya kitako cha tanki. Atakayejibu "la chini kabisa" akosolewe. Atakayejibu "la katikati" naye akosolewe. Na atakayechora ile kamba apewe alama zote.

Pipa litabaki hapa hadi saa kumi jioni. Mpira, vizibo, kamba na futi viko mezani.